Kumbia kwa anayeanza: jinsi ya kuchagua orodha ya wahariri itakayokufaa

Andika neno "cumbia" kwenye Spotify, Apple Music au huduma nyingine ya kusikilizia muziki, na utaletewa orodha za nyimbo nyingi kuliko utakavyoweza kuzisikiliza kwa mwezi mzima. Zote zina jina hilo hilo, lakini ukifungua mbili mfululizo unaweza kuapa kwamba ni muziki wa aina mbili tofauti. Moja ina filimbi ndefu na ngoma za mikono tu. Nyingine ina kinanda cha umeme na mwimbaji anayewataja polisi wa mtaani kwake. Na zote mbili ni kumbia kweli. Muziki huu ulizaliwa pwani ya Karibi ya Kolombia, ukasafiri kwa sahani za santuri hadi Meksiko, Peru na Ajentina, na kila nchi ikaupiga kwa vyombo ilivyokuwa navyo.

Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Wanabonyeza orodha ya kwanza inayojitokeza, wanasikia vitu visivyoshikamana, kisha wanasema kumbia si muziki wao. Kwa maoni yangu kosa si la muziki wala la msikilizaji. Orodha ile haikupangwa kwa ajili ya mtu anayeanza. Orodha za wahariri zinaweza kuwa mlango mzuri sana, mradi ujue kuzitofautisha kabla hujabonyeza.

Hatua ya kwanza: hakikisha kweli imepangwa na mhariri

Orodha ya wahariri ni ile iliyopangwa na watu walioajiriwa na huduma yenyewe, watu wanaoujua muziki wa eneo fulani. Chini ya jina lake utaona aliyeitengeneza: "Spotify", au "Apple Music" ikifuatwa na jina la aina ya muziki. Ukiona jina la mtu binafsi, hiyo ni orodha ya msikilizaji mwenzako. Inaweza kuwa nzuri, ila vipimo nitakavyotoa hapa havitaikaa vizuri.

Kuna mtego mmoja. Baadhi ya orodha za Spotify zinabeba jina la huduma na picha ileile rasmi, lakini nyimbo zake zinapangwa na mashine kwa kuangalia ulichokwisha kusikiliza. Mara nyingi utakuta maneno "Made for" yakifuatwa na jina lako. Orodha kama hizo zina kazi yake, lakini kwa muziki usioujua ni kikwazo: kama umezoea pop ya Kilatini, mashine itakuletea kumbia inayofanana zaidi na pop, nawe utadhani umeshafika. Ukiwa na shaka, mwombe rafiki afungue orodha hiyohiyo kwenye simu yake. Nyimbo kumi za mwanzo zikitofautiana sana na zako, mashine imeingiza mkono.

Kabla ya kuendelea, ingia kwenye mipangilio uzime "Autoplay", na uzime pia "Smart Shuffle" kama unatumia Spotify. Autoplay huendeleza muziki baada ya orodha kuisha bila kukuambia kwamba imeisha. Smart Shuffle huchomeka nyimbo za nje katikati ya zile za mhariri. Nimewasikia watu wakilaumu orodha ya kumbia kwa kuchanganya nyimbo za regetoni, kumbe orodha yenyewe ilikwisha nusu saa nyuma.

Hatua ya pili: tafuta tawi, usitafute jina la jumla

Neno "cumbia" peke yake ni pana mno. Matokeo ya juu huwa ni yale yanayosikilizwa na watu wengi kwa wakati huo, na kwa kumbia hayo mara nyingi ni vikundi vya Meksiko na Ajentina. Hakuna ubaya, ila utakuwa umeanzia mwisho wa safari.

Andika kwa Kihispania, jina la tawi likiwa ndani yake. "Cumbia colombiana" itakupeleka kwenye chimbuko. "Cumbia peruana" au "chicha" itakupeleka Peru, ambako magitaa ya umeme yalichukua nafasi ya filimbi na kodiani. "Cumbia sonidera" ni ya Meksiko, muziki wa mitambo mikubwa ya sauti inayofungwa barabarani. "Cumbia villera" ni ya vitongoji maskini vya Buenos Aires, iliyoibuka mwishoni mwa miaka ya 1990. Maneno haya manne yanatosha kabisa kuanzia.

Hatua ya tatu: isome orodha kabla ya kuisikiliza

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na haichukui zaidi ya dakika tano. Shuka na orodha kuanzia juu hadi chini bila kubonyeza chochote. Unatafuta kujua orodha hii ilitengenezwa kwa kazi gani, kwa sababu wahariri hutengeneza orodha kwa makusudi tofauti na hawakuambii waziwazi.

Kuna orodha za nyimbo zinazovuma. Hizi hubadilishwa kila mara, mara nyingi kila wiki. Kwenye kompyuta, Spotify huwa na safu ya "Date added" inayoonyesha kila wimbo uliingizwa lini. Apple Music huandika orodha ilisasishwa lini. Ukiona nyimbo nyingi ziliingia ndani ya wiki chache zilizopita, hiyo ni orodha ya soko. Iko hivyo kwa sababu inayoeleweka. Msanii anayetaka wahariri wa Spotify wafikirie wimbo wake huutuma kupitia ukurasa wake wa msanii, na wimbo huo lazima uwe haujatoka; anashauriwa autume angalau siku 7 kabla ya kutoka. Wimbo uliorekodiwa Kartahena mwaka 1962 hauna njia ya kupita kwenye mlango huo. Utaingia tu kama mhariri mwenyewe ataukumbuka. Kwa hiyo orodha hizi zinaelemea upya kwa namna zilivyoundwa, na hazikuahidi kukufundisha historia.

Kuna orodha za hali au shughuli: za kupikia, za sherehe, za kuendeshea gari. Hapo mhariri anatafuta mwendo usiokatika, na kumbia inakuwa kiungo kimoja kati ya salsa, merenge na regetoni. Zifurahie, lakini sikio jipya haliwezi kujifunza kutambua kumbia likiwa limezungukwa na midundo mingine inayoshabihiana nayo.

Kisha kuna orodha za msingi. Kwenye Apple Music nyingi hubeba neno "Essentials", na kwa msanii mmoja mmoja kuna mfululizo unaokwenda kwa kina: "Essentials", kisha "Next Steps", kisha "Deep Cuts". Kwenye Spotify orodha za msanii mmoja huanza na "This Is". Orodha za msingi hazibadiliki haraka, na hizi ndizo za kuanzia. Hata hivyo jina zuri halitoshi. Kuna mambo mawili ninayoyaangalia ndani yake, na ningeomba nawe uyaangalie.

La kwanza ni jinsi wasanii wanavyojirudia. Watu hudhani orodha nzuri ni ile yenye wasanii wengi iwezekanavyo. Kwa anayeanza naona kinyume chake. Nyimbo 50 kutoka kwa wasanii 50 hazikupi pa kushika. Kila sauti inapita mara moja na kupotea. Msanii akirudi mara mbili au tatu, mara ya tatu utamjua kabla hujaangalia jina, na hapo ndipo mtindo unapoanza kuwa na sura za watu. Akirudi mara kumi na tano, basi hiyo ni orodha yake, si ya mtindo.

La pili ni aina ya rekodi. Soma maneno yanayofuata jina la wimbo. "En vivo" maana yake ulirekodiwa jukwaani. "Remasterizado" ni rekodi ileile ya zamani iliyosafishwa sauti, kwa hiyo usiikwepe. "Nueva versión" au "regrabado" ni wimbo uliorekodiwa upya, pengine miaka thelathini baadaye, na besi nzito ambayo haikuwepo mwanzo. "Enganchados", neno utakalolikuta sana kwenye kumbia ya Ajentina, ni nyimbo kadhaa zilizokatwa na kuunganishwa bila pumziko. "Popurrí" na "mosaico" ni ndugu zake. Hizo za kuunganishwa ziache kwanza. Zilitengenezwa kwa wachezaji wanaozijua nyimbo tayari, na wewe utasikia kibwagizo bila ubeti.

Usiuamini mwaka unaoonyeshwa. Huo ni mwaka wa albamu iliyopakiwa, na rekodi nyingi za zamani za Kolombia zimeingia mtandaoni kupitia mikusanyiko iliyotolewa miongo kadhaa baadaye. Wimbo wa miaka ya 1960 unaweza kuandikwa 1998. Amini masikio: sauti ikiwa kama inatoka chumba kimoja, vyombo vyote pamoja, na ngoma ikiwa mbali kidogo na kipaza sauti, rekodi hiyo ni ya zamani hata kama tarehe inabisha.

Hatua ya nne: pima orodha kwa nyimbo tisa

Huna haja ya kusikiliza orodha nzima ili uamue. Sikiliza nyimbo tatu za mwanzo, tatu za katikati na tatu za mwisho. Wahariri huweka juu kile wanachoamini kitamshika mtu haraka, kwa hiyo tatu za mwanzo zinakuonyesha wanataka kumvutia nani, na tatu za mwisho zinakuonyesha kina cha orodha.

Kila wimbo, tafuta vitu viwili tu. Kwenye kumbia anza na kikwaruzo. Ni kijiti au chuma chenye mistari kinachokwaruzwa kwa uma au fimbo nyembamba, na kinasema: chaa-cha-cha, chaa-cha-cha, mkwaruzo mmoja mrefu na miwili mifupi, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikipata, hesabu moja-na-mbili-na kwa mguu. Kwenye kumbia ya kiasili kuna ngoma ndogo kuliko zote inayopigwa kwenye hiyo "na", kati ya hatua na hatua, bila kubadilika hata wimbo ukichachamaa. Vitu hivi viwili ndivyo uti wa mgongo. Ukiweza kuvisikia kwenye nyimbo sita kati ya tisa, orodha hiyo inakufaa. Kama umevisikia kwenye mbili tu, hiyo ni orodha ya muziki wa kucheza wa Kilatini iliyobandikwa jina la kumbia, au ni ya tawi lililokwenda mbali na chimbuko. Irudie baadaye.

Tuzipime orodha nne

Tuseme utafutaji wako umekuletea orodha nne, za namna utakazokutana nazo kwenye huduma yoyote.

Ya kwanza ni ya kumbia inayovuma, na juu yake wako Los Ángeles Azules wa Iztapalapa, Jiji la Meksiko. Utawaona wakiwa na waimbaji waalikwa wa pop na okestra ya vinanda vya nyuzi. Nyimbo hizi zinapendeza, na kikwaruzo kimo. Lakini nyingi ni nyimbo zao za miaka ya 1990 zilizorekodiwa upya na wageni kuanzia 2013, na mgeni ndiye anayesikika zaidi. Uamuzi wangu: nzuri kwa mtu aliyezoea pop ya Kilatini na anayetaka kuingia polepole. Ukiipenda, fungua ukurasa wa kikundi hicho na utafute rekodi zao za mwanzo za nyimbo hizohizo. Kusikiliza mbili hizo mfululizo kutakufundisha mengi kuliko orodha nzima.

Ya pili ni ya msingi, kumbia ya Kolombia. Humo utamkuta Lucho Bermúdez, aliyechukua midundo ya pwani akaiandikia okestra yenye klarineti na saksafoni. Pacho Galán, aliyefuata njia hiyohiyo. Andrés Landero na kodiani yake kutoka San Jacinto. Na La Sonora Dinamita, kikundi kilichoanzia Kartahena mwaka 1960. Nyimbo nyingi za orodha kama hii zilitolewa na Discos Fuentes, kampuni iliyoanzishwa na Antonio Fuentes mwaka 1934 na kuhamia Medellín miaka ya 1950. Ni vizuri kuijua kampuni hii, kwa sababu hata kabla ya mtandao ilikuwa ikifanya kazi ya uhariri: kila mwisho wa mwaka ilitoa santuri ya mkusanyiko wa nyimbo za kucheza. Mhariri wa leo mara nyingi anachota kutoka ghala hilo hilo.

Kwa anayeanza bila mazoea yoyote, hii ndiyo ningempa. Nyimbo ni fupi, karibu dakika tatu, na melodia inabebwa na chombo kimoja kinachosikika wazi. Klarineti ya Bermúdez inakuongoza hata kama hujui neno la Kihispania. Udhaifu wake ni kwamba wahariri huingiza mitindo jirani kama porro na vallenato bila kutenganisha. Kikwaruzo kimo kwenye vallenato pia, kwa hiyo hakitakuokoa hapo. Kitakachokuokoa ni mahali anaposimama mwimbaji: kwenye vallenato yeye na kodiani ndio wenye wimbo, na hadithi ndiyo inayosukuma mbele, kwenye kumbia ngoma inaweza kuendelea peke yake kwa muda mrefu na wimbo usipungukiwe na kitu.

Ya tatu ni ya Peru. Los Destellos wa Enrique Delgado, Juaneco y su Combo wa Pucallpa na Los Mirlos wenye asili ya Moyobamba, miji ya Amazoni. Hapa gitaa la solo ndilo linaloimba, likiwa na mwangwi na mtetemo wa roki ya miaka ya 1960, na nyimbo nyingi hazina maneno kabisa. Kama masikio yako yamelelewa na magitaa ya aina yoyote, achana na ushauri wangu wa Kolombia na uanzie hapa. Kipimo cha kikwaruzo bado kinafanya kazi, kwa sababu mdundo ulibaki uleule chini ya gitaa. Angalia tu kwamba orodha ya "chicha" inaweza kuchanganya muziki huu wa Amazoni na ule wa wahamiaji wa Andes waliofika Lima baadaye, kama Los Shapis, ambao una huzuni ya milimani kwenye melodia zake. Ukihisi wimbo umebadilika rangi ghafla, hiyo ndiyo sababu.

Ya nne ni ya kumbia ya kiasili ya Kolombia, na ina Los Gaiteros de San Jacinto na mwimbaji Totó la Momposina: ngoma, sauti za kuitikiana, na zile filimbi ndefu ziitwazo gaita. Zinapigwa kwa jozi. Jike hubeba melodia, dume hujibu kwa noti chache, na mpiga dume hutikisa kayamba kwa mkono mwingine. Kichwa cha filimbi hufinyangwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mkaa, na ndiyo maana sauti yake ina pumzi nyingi na ukali kidogo. Mimi naupenda muziki huu kuliko yote niliyoyataja. Hata hivyo simpi anayeanza. Sikio lisilozoea husikia filimbi kana kwamba imekosa tuni, na linashindwa kushika melodia inayojirudia kwa mabadiliko madogo. Likisha kuijua kumbia ya okestra, linasikia humo kitu ambacho klarineti ilikirithi.

Umeona sijaweka orodha ya kumbia villera humo. Muziki wa Damas Gratis na wenzao unaingia mwilini haraka, lakini nusu ya uzito wake uko kwenye maneno: umaskini, magereza, lugha ya mtaa ambayo hata msemaji wa Kihispania wa nchi nyingine huiuliza. Ukiwa na mtu wa kukufafanulia, songa mbele. Ukiwa peke yako, iache hadi uwe na subira ya kusoma mashairi.

Hatua ya tano: ondoka kwenye orodha mapema

Mhariri anakupa wimbo mmoja mmoja, na ukikaa humo sana utajua nyimbo nyingi bila kumjua msanii hata mmoja. Baada ya kupima nyimbo tisa, chagua mbili zilizokushika na uzihifadhi kwenye orodha yako mwenyewe. Kisha fungua ukurasa wa msanii wa mmoja kati ya hizo na usikilize albamu moja nzima. Kwa rekodi za kabla ya 1970 mkusanyiko unatosha, maana wengi walirekodi wimbo mmoja mmoja kwa santuri ndogo.

Hifadhi nyimbo zenyewe, si orodha ya mhariri peke yake. Wahariri huondoa nyimbo bila taarifa, na wimbo ulioupenda Jumatatu unaweza usiwemo wiki ijayo. Nyingine hugeuka kijivu kwa sababu leseni yake haifiki nchi uliko. Ikitokea hivyo, tafuta jina la wimbo pamoja na jina la msanii. Rekodi ileile ya zamani mara nyingi imo kwenye mkusanyiko mwingine. Linganisha urefu wa wimbo kwa sekunde. Ukilingana au ukipishana kidogo tu, yaelekea ni rekodi yenyewe. Ukipishana kwa nusu dakika, huenda umepata ile iliyorekodiwa upya, kwa hiyo isikilize kwanza kabla hujaihifadhi.